Dawa ya kifua na sildenafili

"Habari daktari. Nina miaka 58, niko Ujiji. Natumia isosobaidi asubuhi na mchana kwa maumivu ya kifua. Mbona usiku sipewi? Na rafiki kanipa sildenafili ya nguvu za kiume, naweza kumeza?"

Nzuri, mzee wangu. Hiyo sildenafili usiiguse, hata nusu, hata kama isosobaidi ulimeza mchana. Wala usiache isosobaidi ili uimeze.

Utando wa ndani wa mshipa hutengeneza gesi ya nitriki oksaidi. Ikipenya kwenye msuli wa ukuta wa mshipa, hupandisha kemikali ya cGMP, msuli unalegea, mshipa unapanuka. Isosobaidi huleta gesi hiyo hiyo: damu inayorudi moyoni inapungua, moyo unapata nafuu. Sildenafili yenyewe huzuia kimeng'enya kinachovunja cGMP. Ni kama kufungulia bomba huku umeziba tundu la kutolea maji. Presha inaporomoka, unazimia, na moyo wenye mishipa iliyoziba unakosa damu.

Usiku hupewi kwa makusudi. Mishipa ikipata nitreti, yaani dawa za jamii ya isosobaidi, saa zote 24, huizoea upesi na dawa haifanyi kazi tena. Mapumziko ya saa kumi na kitu huirudishia nguvu.

Kama ulishameza sildenafili na kifua kikabana, usitumie nitreti ndani ya saa 24 (kwa tadalafili, ndugu yake sildenafili, ni 48). Nenda Hospitali ya Maweni haraka, uwaambie ulichomeza bila haya. Taja na unga wa "nguvu" wa sokoni, maana baadhi huchanganywa sildenafili kimyakimya.