Udongo unaoteremkia kwa jirani: maswali yenu kuhusu parseli za mteremko Bukavu

Nimeingiza kontua za mpimaji kwenye Revit 2022, lakini ardhi imetoka bapa kama meza. Parseli yangu iko Kadutu, mlimani kabisa!

Mistari hiyo imechorwa bila kimo. Pembeni pameandikwa 1520, 1521, 1522, ila hayo ni maandishi tu. Mistari yenyewe imelala kwenye sifuri. Rudi AutoCAD, gusa mstari mmoja, utazame `Elevation` ndani ya `Properties`. Ukikuta 0, upe kila mstari kimo chake, uingize faili upya, kisha ufuate `Toposurface`, `Create from Import`, `Select Import Instance`.

Programu itakuuliza itumie matabaka gani. Acha tabaka la kontua peke yake. Mistari ya uzio kwa kawaida inabaki kwenye sifuri, na ukiiruhusu iingie, ardhi yako itatumbukia zaidi ya mita 1,500 kuifuata. Ukiona shimo refu lisilo na mwisho penye uzio, sababu ndiyo hiyo.

Nimeweka tambarare ya nyumba kwa Building Pad, lakini jedwali linaniambia uchimbaji ni 0.

Revit hulinganisha nyuso mbili za ardhi, ya zamani na ya baadaye, nawe unayo moja. Ile ya mpimaji ipe `Phase Created` ya `Existing`. Halafu, ukiwa kwenye mwonekano wa awamu ya `New Construction`, bonyeza `Graded Region` na uchague nakala iliyo sawa kabisa na ile ya mwanzo. Tambarare ichorwe juu ya nakala hiyo. Kama ulikuwa umeichora kabla, ifute uichore upya. Utamaliza mapema kuliko kuhangaika kuihamisha.

Sasa nimepata 45 za kuchimba na 45 za kujaza. Nimefurahi, hakuna kamyo ya kulipa! Kontua ni za kila mita 1, zimeachana mita 4. Nyumba inashuka na mlima mita 12, upana mita 10. Chini imebaki mita 4 kufika kwa jirani.

Usifurahi bado. Hesabu yenyewe haina kosa: kwa mita 12 ardhi yako inapanda mita 3, tambarare imekaa katikati, kwa hiyo nyuma unachimba hadi mita 1.5 na mbele unajaza hadi mita 1.5. Kila upande ni pembetatu ya mita 6 kwa 1.5, yaani mita mraba 4.5, mara upana wa 10, unapata mita za ujazo 45.

Lakini tambarare ya Revit ina kingo za wima, kama keki iliyokatwa kwa kisu. Udongo uliojazwa hausimami hivyo. Tuseme unauacha ulale mita 2 kwenda mbele kwa kila mita 1 ya kushuka. Ungekuwa kwenye uwanja sawa, guu lake, yaani udongo unaolala mbele ya ukingo wa tambarare, lingefika mita 3 tu. Kwako ardhi nayo inashuka, inaukimbia udongo: kila mita mbele udongo unateremka sentimita 50 na mlima sentimita 25, kwa hiyo pengo la mita 1.5 linazibika baada ya mita 6. Wewe unazo 4. Mita 2 za udongo wako zitalala kwa jirani, na mvua ikija zitaongezeka. Guu hilo pia ni pembetatu, 6 kwa 1.5, na ujazo wake ni 45 nyingine. Kujaza kumekuwa 90, bado hatujagusa pembe za ubavuni.

Mimi mwenyewe niliwahi kumpa mteja jedwali la namna hiyo, nikaona aibu siku udongo ulipoegemea ukuta wa jirani. Tangu hapo, kabla ya kutoa namba yoyote, naweka nukta za guu kwa mkono kwenye ile nakala ya ardhi, kisha nakata mchoro wa pembeni nione udongo unaishia wapi.

Fundi ananiambia nigeuze nyumba hiyo, upande mrefu ufuate kontua. Msaada ni mkubwa hivyo?

Msikilize. Ukishusha na mlima mita 10 badala ya 12, ardhi inapanda mita 2.5 na mjazo wa mbele unakuwa na kimo cha mita 1.25. Guu lake linahitaji mita 5. Na kama ukingo wa nyuma umebaki palepale, mbele sasa unazo 6. Uchimbaji chini ya nyumba unashuka kutoka 45 hadi 37.5.

Nusu ya nyumba bado itakaa juu ya udongo wa kujaza, na hapo ndipo nyufa huanzia. Misingi ya upande wa mbele ishuke hadi kwenye ardhi ya asili, hata kama fundi atalalamika kuhusu saruji.