Jiwe lililolowa halianzi na mng'aro

Mteja wangu mmoja hapa Kigoma alitaka kuona ngazi za mawe zitakazoshuka kutoka barazani kwake hadi ziwani kabla fundi hajaanza kazi. Nilimtengenezea picha ya 3D kwa programu ya Blender, ngazi tatu za chini zikiwa zimelowa maji ya mawimbi. Mama yule aliisogeza simu karibu na macho, akauliza, "Mwanangu, mbona haya mawe umeyapaka mafuta ya kupikia?"

Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimechukua jiwe kavu, nikashusha `Roughness`, yaani kipimo cha ukwaruzo wa uso, kutoka 0.8 hadi 0.1 ngazi nzima, basi. Rangi niliiacha vilevile. Ndiyo kosa ninaloliona kwa vijana wengi wanaoanza kazi hii: wanafikiri kulowa ni kung'aa.

Kesho yake asubuhi nilishuka ufukweni Kibirizi, nikaokota jiwe kavu la rangi ya kijivu, nikalimwagia maji nusu yake. Ile nusu iligeuka nyeusi papo hapo. Nikalifuta kwa kitambaa hadi utando wa maji ukaisha juu. Mng'aro ukaondoka, weusi ukabaki. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ni mambo mawili tofauti, na kila moja lina sababu yake.

Weusi unatokea ndani. Jiwe kavu lina vitundu vidogo vilivyojaa hewa, na mwanga unaoingia humo hutawanywa na kurudishwa nje haraka, ndiyo maana jiwe linaonekana jeupejeupe. Maji yakijaza vitundu hivyo, mwanga hautawanyiki sana tena. Unazama zaidi, na kiasi kikubwa kinamezwa kabla ya kurudi. Shati la kitani likipata jasho mgongoni linafanya hivyohivyo: doa linakuwa jeusi, lakini haling'ai.

Mng'aro unatokea juu, kwenye utando wa maji. Tena ni mdogo kuliko tunavyodhani. Ukilitazama jiwe kutoka juu moja kwa moja, maji yanaakisi takribani asilimia 2 tu ya mwanga, kwa hiyo unachoona hasa ni rangi ya jiwe iliyokolea. Ukichuchumaa ukalitazama kwa ubavu, mwakisi unakua haraka. Sisi wa Kigoma tunaliona kila jioni, jua likishuka upande wa Kongo: mawe ya mbali yanawaka, na lile lililo miguuni pako ni jeusi tu.

Kwa hiyo nilizirudia zile ngazi kwa kuchora ramani mbili za nyeusi na nyeupe. Ya kwanza inaonyesha pale maji yalipoingia ndani ya jiwe. Hapo nilipitisha rangi kwenye `Hue/Saturation/Value`, `Value` ikiwa 0.6 na `Saturation` 1.15, maana rangi ya jiwe bichi hukolea kidogo. Ya pili inaonyesha pale maji yaliposimama juu, na hii lazima iwe ndogo kuliko ya kwanza. Hiyo niliiunganisha na `Coat Weight`, yaani kiasi cha utando wa juu, nikaweka `Coat IOR`, kipimo cha jinsi utando unavyopinda mwanga, 1.33, ambayo ni ya maji, na `Coat Roughness` 0.05. `Roughness` ya jiwe lenyewe niliirudisha 0.8. Vinundu vya jiwe niliviunganisha na `Normal` ya jiwe pekee, nikaiacha `Coat Normal` ya utando bila kuunganishwa na kitu, kwa sababu maji hufunika mikwaruzo na uso wake hubaki laini.

Pembeni, ramani ya kwanza inapoizidi ya pili, pakatokea ukanda mweusi usiong'aa. Ukanda huo ndio unaolifanya jicho liamini. Jiwe halikauki kwa mstari: migongo ya vinundu hutangulia kukauka, nyufa na pembe za ndani huchelewa, kwa hiyo maji uyachore humo. Mimi nilipitisha brashi kwenye kila ufa, kazi ya saa mbili, na sijutii hata dakika moja.

Angalia pia jiwe lako linaakisi nini. Ukiliweka chini ya anga ya kijivu tupu, utando wa maji hauna cha kuonyesha, nawe utashawishika kuongeza mng'aro hadi mafuta yarudi. Weka picha ya anga halisi yenye upande mwangavu, kamera iwe chini ikilielekea jua.

Mama alipoiona picha ya pili hakusema lolote kuhusu mawe. Aliuliza kama ngazi ya chini haitateleza kwa mtoto anayekwenda kuchota maji, tukaongeza mkono wa kushikia.

Vipimo hivi havifai kwa kila jiwe. Graniti iliyosuguliwa ikang'arishwa na vigae vya kauri vyenye utando wa kioo juu karibu havina vitundu vya kunywa maji, kwa hiyo huko ramani ya kwanza iondoe kabisa, ubaki na utando wa juu na matone.