Musa alirudi na miguu: jinsi nilivyoediti sini moja mpaka ikaacha kujieleza

Wenzangu mnaoanza kuandika hadithi, leo nataka tuangalie sini moja tu, fupi, yangu mwenyewe, ile niliyoiandika vibaya halafu nikakaa nayo kama wiki mbili hivi naipunguza na kuijenga upya. Siwapi sheria kumi za uandishi maana hata mimi sizijui zote.

Hadithi yenyewe iko Busia, upande wetu wa Uganda. Musa alichukua boda kwa loni, dada yake Zaituni akamsaidia pesa ya kuanzia, akashindwa kulipa, pikipiki ikachukuliwa. Sasa anaenda kwa dada. Drafti ya kwanza ilikuwa hivi:

"Musa aliingia polepole kwa huzuni kubwa huku akiwa ameinamisha kichwa kwa aibu kwa sababu pikipiki yake ilikuwa imechukuliwa na watu wa loni. Alijisikia vibaya sana moyoni. Zaituni alimwangalia kwa makini na kwa wasiwasi mkubwa. 'Karibu ndugu yangu,' alisema kwa upole na upendo. 'Asante dada,' Musa alijibu kwa sauti ya chini iliyojaa majonzi. 'Dada, kama unavyojua, mwaka jana ulinipa laki tano za kuanzia loni, zile ulizokuwa umeweka za karo ya Shamimu, na mimi nikaahidi kurudisha. Sasa pikipiki imechukuliwa kwa sababu nimekosa kulipa wiki tatu.' Zaituni alikasirika sana. Akachukua sahani kwa nguvu, akaiweka mezani kwa hasira kali kuonyesha kwamba hakufurahi. 'Kula,' alisema kwa ukali."

Msicheke. Wakati naiandika niliona ni tamu kabisa.

Jamaa mmoja aliyeisoma akaniuliza swali moja tu: "Kwa hiyo mimi nifanye nini hapa?" Nikadhani hajaelewa, kumbe alikuwa ameelewa kila kitu na ndiyo shida yenyewe, nilikuwa nimemtafunia hadi nikamezea. Na nadhani sisi huku tuna sababu yetu ya kufanya hivi. Kiswahili kiliingizwa kwenye katiba kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini wengi wetu tulikipata kambini, sokoni au mpakani, si darasani, kwa hiyo ukiandika una ile hofu kwamba msomaji wa Kampala hatashika, unasema jambo mara tatu kwa usalama. Musa ameinamisha kichwa, ana huzuni, ana aibu, tena anajisikia vibaya moyoni. Mara nne hiyo.

Sasa kazi. Kitu cha kwanza, kielezi cha Kiswahili hakina mkia mmoja unaoweza kuukamata. Kwetu kinajificha nyuma ya "kwa", nyuma ya "huku", nyuma ya "sana" na "kabisa". Kwa hiyo fungua drafti, nenda kwenye sehemu ya kutafuta, andika "kwa" halafu uweke nafasi, usipoweka nafasi itakuletea na "kwamba" zote. Kwenye kile kipande changu zilitoka kumi na moja. Mbili ni "kwa sababu", tisa zote zinaeleza namna mtu alivyofanya kitu: kwa huzuni, kwa aibu, kwa makini, kwa upole, kwa ukali. Kipande cha mistari michache hivyo!

Nikafanya kosa ambalo kila mtu hufanya akigundua hilo, nikafuta zote kwa mpigo, na maelezo mengine yote pamoja na ile hotuba ya Musa. Nikabaki na hii: "Musa aliingia. Zaituni alimwangalia. 'Karibu ndugu yangu,' alisema. 'Asante dada,' Musa alijibu. Zaituni akachukua sahani, akaiweka mezani. 'Kula,' alisema." Mifupa mitupu. Unaweza kusema ni safi, lakini hakuna mtu anayeumia pale ndani, inaweza kuwa ni wageni wawili tu wanakula mchana.

Hapo ndipo nilielewa kitu ambacho hakuna aliyeniambia: vielezi vilikuwa vinafunika kitendo dhaifu. "Aliingia" haina kitu, kila mtu anaingia, ndiyo maana niliiwekea "kwa huzuni" kama mkongojo. "Alimwangalia" vilevile. Na ile sahani kuwekwa kwa nguvu, hiyo ni hasira ya kila filamu, mimi mwenyewe sikuiamini ndiyo nikaongeza "kuonyesha kwamba hakufurahi". Ukiona umeandika "kuonyesha kwamba", "ishara kwamba" au "kwa sababu" mara tu baada ya kitendo, kiangalie kitendo chenyewe kwanza kabla hujafuta maelezo. Mara nyingi ndicho kinachotakiwa kubadilishwa.

Wakati mwingine dawa ni kitenzi tu, na Kiswahili hapo kimetubariki. Alitembea polepole bila kelele, alinyata. Alifunga mlango kwa nguvu, aliubamiza. Alisema kwa sauti ndogo sana, alinong'ona. Lakini msilewe na hii dawa, nimesoma hadithi za vijana ambapo hakuna anayesema, kila mtu anafoka, ananguruma, anabweka, sijui anateta, mpaka unadhani uko zizini. "Alisema" haimsumbui msomaji, na kama wako wawili tu chumbani hata hiyo unaweza kuitoa.

Kwa Musa kitenzi hakikutosha. Nikajiuliza: mtu wa boda aliyenyang'anywa pikipiki asubuhi, jioni ana nini mkononi? Ana helmeti. Pikipiki imeenda, helmeti imebaki, na hajui aiweke wapi. Nilipoipata hiyo nilijua aibu na huzuni zote zinaweza kuondoka, maana helmeti bila boda nje inasema kila kitu kwa mtu yeyote aliyewahi kukaa karibu na steji.

Halafu mazungumzo. "Dada, kama unavyojua" ni mdudu mbaya kuliko vielezi vyote. Kama dada anajua, Musa anamwambia nani? Anamwambia msomaji, na msomaji anasikia mwandishi amejificha nyuma ya pazia. Watu wenye deni kati yao hawasimuliani deni, wanalizunguka. Wanaulizana habari za watoto, za mvua, za kuku. Na sisi tuna silaha ambayo hatuitumii vya kutosha, namna tunavyoitana. Zaituni akianza na "ndugu yangu" halafu dakika tano baadaye akamwita mdogo wake "sebo", neno la heshima unalompa mteja au abiria, hapo "kwa ukali" haina kazi tena. Mtu wa hapa anasikia baridi ile.

Drafti ya tatu ikawa hivi:

Helmeti ilitangulia mlangoni, kisha Musa. Zaituni alichungulia nje nyuma yake. Uani kulikuwa na kuku tu.

"Karibu ndugu yangu."

"Asante dada."

"Umekuja na miguu?"

Musa alikaa, akaweka helmeti chini ya kiti, akaisukuma na kisigino mpaka ukutani.

"Shamimu hajambo?"

"Hajambo. Shule inafungua Jumatatu."

Alipakua posho na maharage, akajaza sahani mpaka pomoni, akamsogezea. Yeye hakujipakulia.

"Kula, sebo."

Nikafurahi. Nikamtumia yule jamaa, na safari hii sikumuuliza kama ni nzuri, maana mtu akiulizwa hivyo atakwambia ni nzuri ili muendelee kuwa marafiki. Nilimuuliza: nani anamdai nani, na kwa nini huyu mama hali? Akajibu: Musa amekuja kumwangalia mwanawe Shamimu, na mama hali kwa sababu chakula ni kidogo. Eh! Nilikuwa nimekata hadi mfupa. Hayo ndiyo majaribio ninayoyaamini, muulize msomaji nini kimetokea, na akikosea usimlaumu, tafuta mahali ulipomwacha.

Nilichomnyima ni vitu viwili, undugu na deni. Sikutaka kurudisha ile hotuba ya laki tano, kwa hiyo nikatafuta namna ambayo Zaituni angeyataja kwa faida yake mwenyewe, si kwa faida ya msomaji. Mtu hutaja pesa akitaka kumchoma mwenzake. Nikabadilisha jibu lake moja tu:

"Hajambo. Shule inafungua Jumatatu. Nimemwambia mjomba wake ndiye analeta zile laki tano."

Angalieni kinachobebwa hapo. Mjomba, basi Musa ni kaka wa mama, na Shamimu si mwanawe. Laki tano, kiasi kimetajwa. "Zile", basi zina historia. Na Zaituni ameshaona hakuna pikipiki nje lakini anaitaja ahadi kana kwamba bado ipo, hiyo ndiyo hasira yenyewe. Sentensi ile ile kama ingesemwa na Musa ingekuwa maelezo, kwa Zaituni ni shambulio. Wiki tatu za kukosa kulipa na watu wa loni sikuvirudisha kabisa, nimevipeleka kwenye sini inayofuata pale steji, ambapo wenzake wanabishana nani alimwonyesha yule mtu wa loni mahali Musa anapoegesha. Msomaji anaweza kusubiri kurasa mbili, hafi.

Sasa msidhani kila "kwa" ni adui. Kuna kielezi kinachobadilisha jambo lenyewe, na hicho ukikitoa unaharibu. Kipimo changu: kama kielezi kinarudia kile ambacho kitendo kimeshasema, toa, na kama kinapingana nacho, acha. "Alilia kwa uchungu", toa. "Alicheka kwa uchungu", hiyo naweza kuivumilia. Na tanakali zetu, chubwi, pu, tii, sizigusi ovyo, zile zina sauti na msomaji wetu anazisikia, ila moja kwenye sini inatosha.

Tena kuna sehemu ambazo maelezo ndiyo sahihi. Ukitaka kuruka miezi minne ya Musa kutafuta pesa, sema tu kwa sentensi mbili alihangaika vipi, usinipeleke kwa kila mkopeshaji na kila kikombe cha chai. Kazi hii ya kukata naifanya pale watu wawili wako uso kwa uso na mmoja anataka kitu.

Sini yangu sasa ina kielezi kimoja tu cha namna mtu anavyofanya kitu. Musa amemaliza kula, anaondoka, ameisahau helmeti chini ya kiti au ameiacha makusudi, sijaamua. Mwanzo niliandika Zaituni anaubamiza mlango. Nikaufuta. Shamimu amelala chumba cha pili na mama hataki aamke aulize mjomba alileta nini, kwa hiyo anaufunga polepole. Hiyo "polepole" nimeiacha.