Tunakopa dukani mwezi mzima, na salio halishuki

SWALI: Asalaam aleikum Sheikh. Mahitaji yetu ya nyumbani huwa tunachukua dukani kwa mkopo, mwenye duka anaandika kwenye daftari lake, mwisho wa mwezi mume wangu analipa. Bei mara nyingi hatuulizi, na wakati mwingine watoto ndio wanaotumwa. Kila mwezi salio linazidi, na sasa mwenye duka anasema lililobaki ataliongezea kidogo kila mwezi mpaka tulimalize. Je, ununuzi huu ni halali? Na tutatokaje?

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, kukopa chakula cha nyumbani si aibu wala dhambi. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alinunua chakula kwa mkopo kwa Myahudi na akamwekea deraya yake ya chuma rehani, kama alivyosimulia Bi Aisha (r.a.) katika Bukhari na Muslim. Kwa hiyo asili ya muamala wenu ni halali. Kasoro zimo katika namna mnavyouendesha, na moja kati yake ni kubwa.

Hiyo kubwa ni nyongeza. Mwenye duka anaweza kuuza kwa mkopo kwa bei ya juu kuliko ya taslimu, na wanavyuoni walio wengi wanaruhusu, madhali mmekubaliana bei moja wakati wa kuchukua. Lakini deni likishathibiti, kulipandisha kwa sababu limechelewa ndiyo riba ya zama za ujahili: mdaiwa alikuwa akiambiwa alipe au aongeze. Haijalishi nyongeza iwe ndogo kiasi gani, wala hata kama nyinyi mmeridhia, kwa kuwa ridhaa haihalalishi riba. Suratul Baqara aya ya 279 imempa mwenye kudai rasilimali yake tu. Mwambieni hivyo kwa adabu, na kama mmeshatoa chochote kwa jina la nyongeza, mwombeni akihesabu ndani ya deni lenyewe. Na aya inayofuata, ya 280, inamtaka ampe muda mdaiwa aliyebanwa. Mumeo akiwa anacho lakini anamzungusha mwenye duka, hapo lawama inageuka, maana Mtume (s.a.w.) amesema kuchelewesha kwa mwenye uwezo ni dhuluma.

Kasoro ya pili ni kutouliza bei. Fuqahaa wamelijadili hasa jambo hili la mtu kuchukua dukani kidogo kidogo kisha wakahesabiana baadaye. Imam Nawawi, katika madhehebu yetu ya Shafii, ameona kwamba bei isipotajwa wala kujulikana, hiyo si biashara sahihi. Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim wamelegeza, wakaruhusu kwa bei ya soko. Mimi nakushaurini mtoke katika khitilafu, kwani ni rahisi: bei ijulikane kitu kinapochukuliwa, iwe kwa kuuliza au kwa kuwa imebandikwa. Kuna mtindo mmoja ambao hata waliolegeza hawautetei. Mwenye duka anaandika bidhaa bila bei, kisha mwisho wa mwezi anazipigia bei ya siku hiyo, ambayo huenda imepanda. Kwa yaliyopita, kaeni naye mkadirie kwa bei ya siku vitu vilipochukuliwa, kisha mhalalishane.

Sasa daftari. Aya ya 282 ya sura hiyohiyo, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inazungumzia kuandika madeni, na inakataza kuchoka kuyaandika yawe madogo au makubwa. Biashara ya mkono kwa mkono imesamehewa, lakini yenu si hiyo. Wengi wa wanavyuoni wanasema amri hii ni ya sunna, si ya faradhi. Ila tazameni jambo moja ambalo watu hulipita: aya inamtaka anayedaiwa ndiye atamke yanayoandikwa. Kwenu imekuwa kinyume, anayedai anaandika peke yake na anayedaiwa anasubiri kusomewa jumla.

Basi wekeni daftari lenu nyumbani, na kila kinachochukuliwa kiandikwe kotekote siku ileile. Mstari mmoja uwe na tarehe, kitu chenyewe, kiasi, bei, jina la aliyekichukua, na jumla mpya ya deni. Mstari uliosema “vitu mbalimbali” na tarakimu mbele yake si kumbukumbu, kwa sababu baada ya wiki mbili hakuna awezaye kuuthibitisha wala kuukanusha. Mtoto anapotumwa apewe kikaratasi chenye alichotumwa, mwenye duka aandike bei humo, kirudi nyumbani. Na mwambieni mwenye duka waziwazi nani ana idhini ya kuchukua kwa jina la mumeo, asiyekuwemo asipewe. Kila wiki, si kila mwezi, linganisheni madaftari mawili. Kosa la siku tano hukumbukwa, la siku ishirini huzaa ugomvi.

Kuhusu salio kukua, nitakupigia hesabu kwa tarakimu tupu. Tuseme kila mwezi mnachukua vya 100 na mumeo anaweza kulipa 80. Mwezi wa kwanza unabaki na 20, wa pili 40, na ukifika wa tano mnadaiwa 100 bila mwenye duka kuongeza hata senti. Mnaona? Hata riba ikiondoka, deni hili litaendelea kukua, na kila 80 mnayolipa inamezwa na vitu vilivyokwisha kuliwa zamani, huku vya mwezi huu vikiandikwa upya.

Dawa yake ni kulitenga deni la zamani. Fungeni ukurasa wake: andikeni 100, tarehe, saini za pande mbili na shahidi, na kitu kipya kisiandikwe humo tena. Ukurasa mpya uwe na kikomo cha 60, na ulipwe wote mwisho wa mwezi. Ile 20 inayobaki katika 80 iende kwenye ukurasa wa zamani, na kwa miezi mitano utakuwa umefutika. Kama 60 haitoshi kabisa kuendesha nyumba, kikomo kiwe 70 na deni la zamani lilipwe 10, itachukua miezi kumi. Kisichofaa ni kuahidi 20 mkijua hamuiwezi. Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na deni, na alipoulizwa sababu akasema mtu akidaiwa husema akadanganya na huahidi akavunja. Kikomo kikifikiwa kabla ya mwezi kwisha, nunueni kwa taslimu mlichonacho au mrudi kwa mwenye duka mkubaliane upya, bila kumtuma mtoto akachukue kimyakimya.

Ikiwa kweli mumeo hana cha kulipia, mwenye kudaiwa yumo katika watu wanane wanaostahili zaka, Suratu Tawba aya ya 60. Mwenye duka anaweza kumpa zaka yake, bila kumshurutisha airudishe kama malipo. Lakini kusema tu “nimekusamehe, hiyo ndiyo zaka yangu” haitoshi kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu, kwa sababu hakuna alichomkabidhi.

Na mkikuta mstari katika daftari lake ambao hamuutambui, msiukatae kwa hasira wala msiulipe kwa haya. Kanuni ya sheria ni kwamba anayedai alete ushahidi, na anayekana aape. Mwulizeni nani alikichukua na siku gani, mwiteni huyo aliyetajwa mbele yenu, na mstari huo uwekwe pembeni ya jumla mpaka ukweli wake ujulikane, huku yale msiyobishania yakilipwa kwa wakati wake.