Kadi ya mpiga kura kukataliwa benki

"Mbona benki wameikataa kadi yangu ya mpiga kura, wakati mwenzangu kafungua akaunti kwa NIDA?"

Ndugu, kadi yako si feki. Kwa NIDA, mhudumu huingiza namba yenye tarakimu 20, unaweka kidole kwenye mashine, taarifa zako zinatokea papo hapo. Kadi ya kura anaitazama kwa macho tu. Wanaosema kadi ya kura haipokelewi kabisa wamepatia nusu: baadhi ya benki huipokea ukiambatanisha barua ya serikali ya mtaa. Kwa NIDA, kadi yenyewe ya plastiki si lazima. Mimi nilifungua kwa namba tu. Ila kama vidole vimesuguliwa na saruji, mashine hugoma. Jaribu kidole kingine.