Wafyonzaji watatu wenye afya

Juzi dada mmoja anayesomea uongozaji watalii hapa Arusha aliniandikia ujumbe. Amepewa kazi ya kutafsiri karatasi ya tahadhari za porini, na neno moja tu, "charge", limemkosesha usingizi. Programu ya kwenye simu inampa toza, shtaki, chaji, dai, shambulia, na mengine yanaendelea kuteremka kadiri anavyovuta kioo. "Kaka, mimi huwa nachukua la kwanza," aliandika. "Nadhani la kwanza ndilo linalotumika sana. Nakosea?"

Unakosea, mdogo wangu. Lakini sikucheki, kwa sababu mimi nilikosea vibaya kuliko wewe, na wala sikuchukua la kwanza. Nililikataa la kwanza kwa madaha, nikachagua lililoonekana la mtu mwenye akili. Hilo ndilo lililoniaibisha.

Ilikuwa Moshi, miaka kadhaa nyuma. Nilipewa kijitabu cha kurasa nane cha kuwaelekeza wakulima namna ya kuhudumia mibuni. (Hapo hapo kuna mtego, maana mbuni ni mti wa kahawa na mbuni ni yule ndege mkubwa asiyeruka. Ila Kiswahili kinajilinda chenyewe: mbuni umezaa, mbuni anakimbia. Likumbuke hili la ngeli, nitalirudia.) Kurasa za mwanzo zilikwenda vizuri. Ukurasa wa tatu nikakutana na "sucker".

Programu ikanimwagia: mnyonyaji, mfyonzaji, chipukizi, mjinga anayelaghaika upesi, pipi ya kijiti, na kile kimpira kinachoganda kwenye kioo. Nilicheka peke yangu chumbani. Hebu fikiria kumwambia mkulima wa Kilimanjaro "ondoa wanyonyaji wote shambani". Umemrudisha 1967, kwenye Azimio la Arusha, anaanza kutafuta bepari katikati ya migomba! Nikajipongeza kwamba mimi si wa kudanganywa na simu.

Kisha nikafikiri kama msomi. Hiki ni kijitabu cha kilimo, na ukurasa wa pili umetaja wadudu wanaofyonza utomvu wa mmea. Basi ni wafyonzaji. Nikaipima kwenye sentensi niliyokuwa nayo mbele yangu: "Ondoa wafyonzaji kwenye shina mara kwa mara." Ikakaa vizuri, ikateleza mdomoni kama maji. Nikaiamuru kompyuta ibadilishe neno hilo kila lilipo, mara kumi na moja, nikaenda kulala.

Siku ya kugawa vijitabu nilialikwa, nikavaa shati jeupe. Mama mmoja aliyeketi mbele akanyosha mkono akauliza dawa ya hao wafyonzaji ni ipi na inauzwa wapi, maana kijitabu kinasema waondolewe lakini hakitaji dawa. Mtaalamu wa kilimo akakunja uso, akaanza kupekua kurasa. Kabla hajajibu, mzee mmoja aliyekuwa amefika ukurasa wa tano akasoma kwa sauti, taratibu, kila neno: "Baada ya kukata shina, chagua wafyonzaji watatu wenye afya uwaache wakue." Akavua miwani. "Mwanangu, hawa wadudu watatu tunaowaacha, tuwalishe nini?"

Walicheka mpaka mbuzi wa jirani akalia. Vijitabu vikakusanywa palepale. Nililipwa nusu, na kazi iliyofuata akapewa mtu mwingine ambaye, niseme tu ukweli, Kiswahili chake hakinizidi. Bado linaniuma, sitajifanya halinigusi.

Sasa tazama kosa lilipokuwa. Nilipima. Watu hudhani sikupima, kumbe nilipima, ila kwa sentensi moja, tena sentensi laini inayokubali kila kitu. Kwenye "ondoa ... kwenye shina" unaweza kuweka wafyonzaji, konokono, ukoga, hata misumari. Sentensi ya namna hiyo haikupi ushahidi wowote. Unachotafuta ni sentensi ngumu, ile yenye uwezo wa kukataa.

Na ilikuwepo, kurasa mbili tu mbele. Siku hizi kabla sijagusa kamusi natafuta kila sentensi yenye neno hilo katika kazi nzima, naziandika pamoja kwa Kiswahili, na pale penye neno naacha pengo. Kwa kile kijitabu, kati ya zile kumi na moja, ningepata hizi tatu:

Ondoa ___ kwenye shina mara kwa mara.

Vunja ___ kwa mkono vikiwa bado laini, kabla havijawa mti mgumu.

Baada ya kukata shina, chagua ___ vitatu vyenye afya, uviache vikue.

(Pengo nalipa upatanisho wa "vi", yaani vitu, ili nisijipendelee kabla ya wakati. Ningeandika "wa" tangu mwanzo, tayari ningekuwa nimeshaamua kwamba ni viumbe.)

Jaza pengo kwa kila maana, bila kuruka hata ile ya kijinga. Wanyonyaji wanapita ya kwanza kwa shida. Wafyonzaji wanapita ya kwanza kwa raha, wanayumba ya pili, maana mdudu unaweza kumwondoa kwa mkono lakini hawi mti, na ya tatu inawaua kabisa. Chipukizi: ondoa machipukizi, vunja machipukizi yakiwa laini, chagua machipukizi matatu yenye afya uyaache yakue. Limepita zote bila kusukumwa.

Angalia pia upatanisho ulivyojitenga. Ukiweka wafyonzaji, sentensi nzima inageuka: waondolewe, wakiwa laini, watatu wenye afya. Ghafla shamba limejaa viumbe wenye uhai. Ukiweka machipukizi inakuwa yaondolewe, yenye afya, na unaona mmea. Kingereza hakina kengele hii, sisi tunayo. Soma sentensi yako kwa sauti usikilize zile silabi ndogo za mwanzo wa vitenzi. Mimi sikusoma kwa sauti. Mzee yule alisoma kwa sauti, ndiyo maana akaona kwa dakika moja nilichoshindwa kuona kwa wiki.

Hatua ya pili ni mifano iliyo ndani ya kamusi yenyewe. Kamusi nzuri ya Kingereza haitoi maana tu, inatoa na sentensi chini ya kila maana. Usizisome kutafuta tafsiri, zisome kutafuta majirani wa neno. Chini ya ile maana ya mjinga utakuta watu na kudanganywa. Chini ya maana nyingine utamkuta pweza na vile vikombe vya kwenye minyiri yake. Chini ya maana ya mmea utakuta shina, mizizi, kukata, kuota. Sasa chukua majirani wa sentensi zako: shina, kuvunja, kuwa mti, kukata, kukua. Wanakaa mtaa gani? Hata asiyejua kilimo anaona.

Nilijidanganya pia kwa jirani wa mbali. Wadudu walikuwa ukurasa wa pili, neno langu lilikuwa ukurasa wa tatu. Mada ya kitabu ni ushahidi dhaifu. Jirani wa sentensi hiyohiyo ana nguvu kuliko jirani wa ukurasa mwingine.

Ila kipimo hiki kina mwisho wake. Nilipokuwa narekebisha kijitabu, bure, kwa gharama zangu, nilipanda kwenda kwa baba yangu mdogo, ambaye ana kihamba upande wa Kibosho. Sikumwuliza "sucker ni nini", maana hilo si swali la kumuuliza mtu mwenye panga mkononi. Nilimwonyesha shina nikamwuliza haya yanayopanda wima pembeni ya shina na kulidhoofisha anayaitaje. Akasema machipukizi. Jirani yake akadakia: maotea. Nikashtuka, kwa sababu maotea halikuwa hata kwenye orodha ya simu, na linapita sentensi zote tatu!

Hapo kupachika neno peke yake hakutoshi, inabidi uligeuze. Badala ya kuliweka neno kwenye sentensi yako, mwombe mtu akutungie sentensi yake mwenyewe kwa neno hilo, bila kumwonyesha yako. Nikamwomba jirani. Akasema, "Msimu huu sikupanda mahindi kule chini, nimeacha maotea tu." Basi kwake maotea ni kitu kilichojiotea chenyewe kutokana na mazao yaliyopita. Mkulima kama yeye akisoma "ondoa maotea" anaweza kung'oa vimiche vilivyoota chini ya mbuni kutokana na buni zilizodondoka, akayaacha yale ya kwenye shina yaendelee kula chakula cha matawi yanayozaa. Nikaandika "machipukizi ya shina" pale yanapotajwa mara ya kwanza. Hilo "ya shina" halimo kwenye kamusi yoyote niliyofungua, limetoka kwenye sentensi ya mahindi ya jirani wa baba mdogo.

Wenzangu mnaotafsiri, mnakimbilia nini? Kuuliza kunachukua nusu saa. Aibu ya vijitabu kukusanywa mbele ya watu inachukua miaka kuisha. Na acheni kubadilisha neno kila lilipo kwa kitufe kimoja. Nimeshasema? Narudia.

Haya, dada, tuje kwa tembo wako. Sentensi uliyonitumia inasema tembo amefanya "charge" kuelekea gari, akasimama hatua kumi mbele yake, kisha akarudi. Toza na shtaki zinakufa hapohapo, tembo hana risiti wala mahakama. Umebaki na shambulia, na najua unataka kuliandika ukalale. Jaza pengo: "Tembo alilishambulia gari, akasimama hatua kumi mbele yake." Linagoma. Gari lililoshambuliwa limeguswa, na hili halikuguswa. Halafu unajua kuliko mimi kwamba kuna tembo anayekuja kwa vitisho, masikio ameyatandaza na kelele nyingi, na kuna anayekuja kweli. Ukiandika shambulia kwa wote wawili, anayejifunza kazi atashindwa kuwatofautisha. Mimi ningejaribu "alilijia gari mbio", na shambulia nikaiweka akiba mpaka sentensi itakayoonyesha amegonga.

Kwenye sentensi ya pili uliyonitumia, ile ya chini kabisa ya karatasi, neno hilohilo limekaa jirani na lango na magari ya wageni. Hapo ni ada, usimpeleke tembo getini. Umesema neno limetokea mara sita. Umenitumia mbili. Nitumie hizo nne zilizobaki, kila moja na sentensi iliyo kabla yake na iliyo baada yake.