Tumbo Lisiloshiba lipi?

"Naomba muhtasari wa Tumbo Lisiloshiba, nina mtihani kesho."

Ndugu, kwanza tuthibitishie unaulizia ipi, kwa sababu jina hilo ni la hadithi fupi ya Said Ahmed Mohamed na pia la mkusanyiko mzima uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda, ambao jaladani huongezewa maneno "na Hadithi Nyingine". Aliyetangulia kukujibu hajakosea kumtaja Said, ila si yeye aliyeandika hadithi zote. Mapenzi ya Kifaurongo, kwa mfano, ni ya Kenna Wasike. Iwapo swali lako linamtaja Mzee Mago, au lile Jitu linalofagia chakula chote mkahawani, unahitaji hadithi moja tu. Nashuku ndiyo hiyo, lakini lisome swali tena.